Sura ya Saba: Punguzo, Ziada na Riba Halisi ya Hatifungani

Kampuni inapotaka kukopa kwa umma badala ya kupiga goti mbele ya benki moja, huandika ahadi katika hati ikisema kwamba atakayeimiliki hati hiyo atalipwa kiasi fulani siku itakapoiva, na kwamba kabla ya siku hiyo atapewa kuponi kila baada ya miezi sita. Na hati yenye ahadi ya namna hiyo ndiyo hatifungani. Mambo mawili katika ahadi hii huandikwa wazi wala hayageuki tena maisha yote ya mkopo: thamani ya uso, yaani kiasi kitakachorejeshwa mwisho wa muda, na kiwango cha kuponi, yaani asilimia ya thamani ya uso itakayolipwa kila mwaka. Jambo la tatu, ambalo lina nguvu kuliko hayo mawili, haliandikwi popote juu ya hati, nalo ni riba ambayo wakopeshaji wanaitaka siku ile ya mauzo kwa mkopo wa namna ile na wa muda ule. Kuponi hupangwa mapema mezani kwa wakurugenzi, ilhali riba ya soko huamuliwa na wanunuzi siku ya mnada. Na kwa kuwa wakurugenzi na wanunuzi aghalabu hawakubaliani mpaka nukta ya mwisho, na kuponi haiwezi tena kufutwa na kuandikwa upya, kinachobaki kusogezwa ni bei.

Hapa ndipo panapozaliwa punguzo na ziada. Kuponi ikiwa chini ya riba ya soko, hakuna mwenye akili timamu atakayetoa thamani kamili ya uso, kwa hiyo hati huuzwa kwa bei pungufu. Na kuponi ikiwa juu ya riba ya soko, wanunuzi hushindana kuipandisha bei mpaka faida ile ya kuponi nono iwe imekwisha kulipiwa. Muradi wa sura hii ni kueleza yanayotokea baada ya hapo katika daftari, kwa sababu tofauti kati ya bei na thamani ya uso haipotei. Ni sehemu ya riba, na mhasibu ana wajibu wa kuigawa katika mihula yote ya mkopo kwa kadiri ya haki.

Tuchukue mfano mdogo ambao msomaji anaweza kuuhesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kampuni inatoa hatifungani ya miaka miwili yenye thamani ya uso ya shilingi 1,000,000 na kuponi ya asilimia 10 kwa mwaka, inayolipwa kwa nusu mwaka, yaani shilingi 50,000 mara nne. Siku ya mauzo soko linataka asilimia 12 kwa mwaka, ambayo kwa desturi ya masoko ya hatifungani ni asilimia 6 kwa kila muhula wa miezi sita. Mnunuzi hujiuliza: ikiwa nataka fedha yangu izae asilimia 6 kila muhula, leo nitoe kiasi gani ili nipate haki ya malipo haya yote? Milioni moja itakayopatikana baada ya mihula minne, ikirudishwa nyuma kwa asilimia 6 kila muhula, leo ina thamani ya shilingi 792,094. Na zile kuponi nne, kila moja ikirudishwa nyuma kwa kadiri ya umbali wake, kwa jumla zina thamani ya shilingi 173,255. Tukijumlisha tunapata shilingi 965,349, na hiyo ndiyo bei. Punguzo ni shilingi 34,651.

Sasa fedha imeingia, na karani wa hesabu ameketi mbele ya leja yake. Atadebiti hesabu ya fedha shilingi 965,349 na kukrediti hesabu ya hatifungani kiasi kile kile, maana hicho ndicho kampuni ilichokopa kwa hakika. Aliyekabidhiwa laki tisa na ushei hawezi kusema amekopa milioni. Lakini siku ya kuiva kampuni italipa milioni kamili. Basi ile tofauti ya shilingi 34,651 ni gharama ya mkopo sawasawa na kuponi, ila tu hailipwi kidogo kidogo bali inasubiri mwisho. Jumla ya gharama ya mkopo huu, kwa hiyo, si shilingi 200,000 za kuponi nne, bali ni shilingi 234,651, na swali lililobaki ni moja tu: kila muhula ubebe kiasi gani?

Njia ya riba halisi hujibu swali hili kwa kanuni fupi. Chukua deni kama linavyosomeka daftarini mwanzoni mwa muhula, ulizidishe kwa kile kiwango ambacho soko liliamua siku ya mauzo, na jibu litakalopatikana ndilo gharama ya riba ya muhula huo, bila ya kujali kuponi ni kiasi gani. Katika muhula wa kwanza asilimia 6 ya 965,349 ni shilingi 57,921. Kampuni inatoa fedha taslimu 50,000 tu kwa mwenye hati. Zile 7,921 zinazobaki ni riba iliyokwisha kustahiki lakini haijalipwa, nazo huongezwa juu ya deni. Karani atadebiti gharama ya riba 57,921, atakrediti fedha 50,000 na kukrediti hatifungani 7,921, na deni litapanda kufikia 973,270. Muhula wa pili asilimia 6 hukokotolewa juu ya deni hili jipya, ambalo limekua, na kwa hiyo riba nayo imekua: 58,396, ambazo kati yake 8,396 huongezwa kwenye deni, nalo linafika 981,666. Muhula wa tatu riba ni 58,900 na deni 990,566. Na muhula wa nne riba ni 59,434, deni linatua juu ya 1,000,000 bila ya kupungua wala kuzidi shilingi, siku ile ile ambayo kampuni inatakiwa kutoa milioni hiyo.

Kule kutua kwa deni juu ya thamani ya uso ndiko kipimo cha kwanza cha usahihi wa hesabu. Tofauti ya shilingi moja mbili mwishoni ni mabaki ya kukadiria desimali, nayo hurekebishwa katika muhula wa mwisho. Lakini tofauti ikiwa ya maelfu, pana kosa la msingi, na kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni lile la karani aliyechukua kiwango cha mwaka mzima na kukitumia kwa muhula wa miezi sita, au aliyezidisha riba ya soko kwa thamani ya uso badala ya deni la daftarini. Huyu wa pili hutambulika upesi, maana gharama yake ya riba ni ile ile, shilingi 60,000, kila muhula, ilhali katika njia sahihi tarakimu hazikai mahali pamoja.

Mtu aliyetia fikira hizi katika vitabu vya wahasibu, zikasomwa na kufundishwa, ni Mmarekani Charles Ezra Sprague, mkuu wa benki moja ya akiba ya mjini New York, ambaye kitabu chake juu ya uhasibu wa vitegauchumi kilichapishwa mwaka 1904. Sprague alikuwa mtu wa ajabu kidogo: alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake na kujeruhiwa Gettysburg, na baadaye alijitahidi sana kuwafundisha Wamarekani Volapük, ile lugha ya kubuni iliyotarajiwa kuwa lugha ya mataifa yote. Lugha ile imekwisha kusahauliwa, lakini majedwali ya hatifungani ya Sprague yaliwafaa watu wa benki kwa miaka mingi, kwa sababu benki ya akiba yenye hati za miaka mingi haiwezi kujua faida yake ya mwaka isipokuwa imejua kwanza ni sehemu gani ya kuponi iliyo mapato kweli na ni sehemu gani iliyo rasilimali inayorudi.

Maneno hayo ya mwisho yanatupeleka upande wa ziada, na upande huu una hatari kubwa kuliko ule wa punguzo. Wakati wa punguzo fedha anayoipokea mwekezaji ni ndogo kuliko mapato yake halisi, kwa hiyo akikosea na kuhesabu kuponi peke yake, atajiona maskini kuliko alivyo, na hakuna atakayelia. Wakati wa ziada mambo hupinduka: kuponi ni kubwa kuliko mapato, na ndani ya kila kuponi mna kipande cha fedha yake mwenyewe aliyoitoa siku ya kununua, kikirejeshwa kwake kimyakimya. Asiyelijua hilo hula rasilimali akidhani anakula faida.

Mfano hauko mbali. Mwezi wa Aprili 2021 Benki Kuu ya Tanzania, kwa niaba ya Serikali, ilianza kuuza hatifungani za miaka 25 zenye kuponi ya asilimia 15.95 kwa mwaka, nazo zilipendwa sana. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili 2022, kuponi ya hati mpya za muda huo ilishushwa hadi asilimia 12.56. Waliokwisha kununua hati za kwanza wakajikuta wameshika kitu ambacho hakipatikani tena katika mnada, na aliyekitaka hakuwa na njia isipokuwa kukinunua kwao katika soko la pili kwa bei ya juu. Bei ya kila biashara hutegemea mnunuzi na muuzaji, lakini hesabu yenyewe inatueleza kiwango cha kuzingatia: mtu aliyeinunua hati ya asilimia 15.95 ikiwa imebakiza miaka 24, akiridhika na mavuno ya asilimia 12.56, angelipa karibu shilingi milioni 125.54 kwa kila milioni 100 za thamani ya uso. Ziada hapo ni milioni 25.54, na hiyo si fedha ndogo.

Tuseme chama cha kuweka na kukopa kimeinunua hati hiyo kwa bei hiyo, kikikusudia kukaa nayo mpaka iive. Kila nusu mwaka Hazina inakiletea kuponi ya shilingi 7,975,000. Mapato halisi ya muhula wa kwanza, ambayo ni asilimia 6.28 ya milioni 125.54, ni takriban shilingi 7,884,000. Zinazobaki, kama shilingi 91,000, si mapato bali ni sehemu ya ile ziada inayorudi, na karani ataziondoa katika thamani ya hati daftarini. Msomaji atasema kwamba 91,000 ni kidogo mno kwa ziada ya milioni 25 na nusu, na kwa mwendo huo mihula 48 haitatosha. Lakini ndivyo ilivyo, na hapa ndipo ilipo siri ya njia hii: kila muhula thamani ya daftarini hupungua kidogo, kwa hiyo mapato nayo hupungua kidogo, na kwa kuwa kuponi haibadiliki, kile kipande kinachorudi hukua kwa asilimia 6.28 kila muhula. Baada ya miaka kumi na miwili, nusu kamili ya safari, thamani ya hati daftarini bado ni karibu milioni 120.73, na ziada iliyokwisha kuondolewa haijafika milioni tano. Katika muhula wa mwisho peke yake huondolewa karibu shilingi 1,595,000, na hati inatua juu ya milioni 100, kama ile ya mfano wetu wa kwanza ilivyotua juu ya milioni moja.

Sasa na tulinganishe na njia ya mkato inayopendwa na makarani wenye haraka, ambayo huigawa ziada sawasawa kwa idadi ya mihula. Milioni 25.54 kugawanya kwa 48 ni shilingi 532,000 kila muhula, kwa hiyo mapato yanayoandikwa ni 7,443,000 tangu mwanzo hadi mwisho, bila ya kupanda wala kushuka. Inavutia kwa wepesi wake, lakini tazama inavyosema: mwanzoni inadai kwamba milioni 125.54 zimezaa asilimia 5.93 tu, na mwishoni, thamani ikiwa imeshuka karibu na milioni 100, inadai kwamba fedha hiyo inazaa zaidi ya asilimia 7.4. Hakuna kilichobadilika katika hati, wala katika ahadi ya Serikali, wala katika bei aliyoitoa mnunuzi. Kilichobadilika ni uvivu wa hesabu kujitokeza katika tarakimu. Wanachama wa miaka ya mwanzo wangenyimwa mapato, karibu shilingi 441,000 katika muhula wa kwanza, na wanachama wa miaka ya mwisho, ambao pengine ni watu wengine kabisa, wangepewa.

Katika mfano wetu mdogo wa miaka miwili, njia hizi mbili hazikuachana sana: mgawanyo sawa ungetoa 8,663 kila muhula, ambapo riba halisi ilianza na 7,921 na kuishia na 9,434. Ndiyo maana kanuni za uhasibu za Marekani huivumilia njia ya mkato pale ambapo tofauti haina uzito. Kiwango cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha namba 9, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kinadai riba halisi kwa madeni na hati zinazohesabiwa kwa gharama inayosogezwa hivi muhula kwa muhula, na kwa hati za miaka 25 naona kinadai kwa haki.

Kiwango hicho kinadai pia jambo jingine ambalo hupuuzwa, nalo ni gharama za kutoa mkopo. Tuirudie ile kampuni ya hatifungani ya milioni moja, tuchukulie kwamba mawakala, wanasheria na wachapaji wamekula shilingi 16,736 kabla ya fedha kuingia. Kampuni imepokea shilingi 965,349 kwa mkono mmoja na kutoa 16,736 kwa mkono mwingine, kwa hiyo mkopo wake wa kweli ni shilingi 948,613, na kiwango kinachozisawazisha fedha hizi na malipo yale yale ya baadaye si asilimia 6 tena bali ni asilimia 6.5 kwa muhula. Gharama ya riba ya muhula wa kwanza hupanda kutoka 57,921 hadi 61,660. Mkurugenzi anayewaambia wanahisa kwamba kampuni imekopa kwa asilimia 10, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa juu ya hati, ilhali daftari linasema asilimia 13 kwa mwaka, anawaambia neno lililo sahihi kwa herufi na la uwongo kwa maana.

Jambo moja la mwisho humchanganya hata msomaji mwangalifu. Kiwango kinachotumika katika hesabu hizi ni kile cha siku ya kwanza, nacho hubaki vivyo hivyo mpaka hati iive, hata kama soko litapanda au kushuka njiani. Chama chetu kitaendelea kuzidisha kwa asilimia 6.28 katika mwaka wa kumi hata kama wakati huo hati mpya zinauzwa kwa mavuno ya asilimia 16, na thamani inayosomeka daftarini, milioni 120 na kitu, itakuwa juu sana ya bei ambayo mtu yeyote angekubali kuitoa sokoni. Daftari halisemi uongo hapo. Linasema kiasi kilichobaki cha fedha iliyowekwa, kwa mtu aliye na uwezo na nia ya kungoja mpaka mwisho. Lakini uwezo wa kungoja si kitu cha kudhaniwa. Benki ya Silicon Valley ya huko Kalifornia mwishoni mwa mwaka 2022 ilikuwa na hatifungani nyingi zilizohesabiwa kwa njia hii, ambazo thamani yake sokoni ilikuwa chini ya thamani ya daftarini kwa takriban dola bilioni 15, kwa sababu riba zilikuwa zimepanda baada ya hati kununuliwa. Wenye amana walipokuja kudai fedha zao kwa pamoja mwezi wa Machi 2023, kungoja hakukuwezekana, na benki ilifungwa tarehe 10 ya mwezi huo.

Kwa hiyo, wewe uliye katika kamati ya chama au bodi ya mfuko wowote ulionunua hati kwa bei ya juu, mwombe mhasibu wako akuletee jedwali la hati hiyo muhula kwa muhula, uangalie kwanza kama safu ya mwisho inatua juu ya thamani ya uso, kisha uangalie kama safu ya mapato inashuka kila muhula. Na ikiwa utakuta mapato yameandikwa sawasawa na kuponi, usiidhinishe gawio la mwaka huo mpaka hesabu iandikwe upya.